Fezi ya Tatu

Nilijifunza ufundi wa umeme Nkwenda, kwenye karakana ya fundi mmoja wa mota na pampu. Kwetu ni Nyakasimbi, kwenye migomba na kahawa, na baba alikuwa hajaelewa vizuri kwa nini binti yake aliacha kibanja, shamba la nyumbani, akaenda kushika nyaya. Fundi wangu alikuwa Mlutheri wa Chonyonyo, mtu wa maneno machache. Akikuuliza umepima nini, ulimjibu ulichopima, si unachodhani. Kwake nilikuwa mwanafunzi tu, na kwa kawaida uanamke wangu haukubadili chochote kwenye kazi. Siku ninayoieleza hapa ulibadili.

Tuliitwa kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa nyuma ya duka moja karibu na soko. Mwenyewe alikuwa amefariki wiki chache kabla. Alikuwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akalowea huku, na watu wa vijiji vya jirani walizoea kumletea mahindi na mihogo mikavu. Asubuhi moja mdogo wake alimkuta ameanguka kando ya mashine, mkono umelala juu ya mikanda, na mota inavuma bila kuzunguka. Akakimbilia swichi akazima, ndipo akamgusa. Alikuwa ameshakwenda.

Zahanati walisema ni moyo. Hawakuona alama ya kuungua mwilini mwake. Hata hivyo maneno yalienea sokoni kwamba amepigwa na umeme, na watu wakaanza kuipita ile mashine kwa mbali, mizigo yao wakaipeleka kwingine. Baada ya mazishi mdogo wake alijaribu kuiwasha mara moja. Ikavuma vilevile. Akamwita kijana mmoja mwenye tesita, ile bisibisi yenye taa ya kuonyesha umeme, naye akagusa nyaya zote tatu za mota, taa ya tesita ikawaka kwenye zote. Kijana akasema umeme unafika, kwa hiyo mota ndiyo iliyoungua.

Tulipofika, mdogo wa marehemu alitupokea uani. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Alisema hataki itengenezwe. Anataka tuifungue tu kutoka kwenye msingi wake ili akaitupe mbali, kwa sababu imemuua kaka yake. Aliyetuita hakuwa yeye. Alikuwa shemeji yake, mjane wa marehemu, aliyekuwa ndani akikaa eda, na yeye alisema mashine isiguswe mpaka ajue ina nini.

Fundi alimpa pole, kisha akaniambia niingie ndani nikamsikilize mama mwenyewe, kwa kuwa mwanamume wa nje haingii kwa aliye edani.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe, tasbihi mkononi. Nikamwamkia shikamoo, nikampa pole. Aliitikia, akaniuliza mimi ni mtoto wa wapi, nikamwambia. Halafu akasema neno ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ile.

"Mwanangu, dirisha la jiko langu linaelekea kwenye mashine. Asubuhi ile nilisikia inavuma. Nikasema moyoni, ameshaanza tena. Nikaendelea na chai. Nataka uniambie kama ni umeme uliomuua, na usinifiche."

Nilimwambia tutapima, na kwamba huenda tukalazimika kuiwasha kidogo, ataisikia tena. Akainama, akasema tuiwashe.

Uani fundi alishazima swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli na ufunguo akautia mfukoni. Akanipa mita ya kupimia umeme. Nilihakikisha kwanza kwamba nyaya hazina umeme, kisha nikafungua mikanda nikazungusha mota kwa mkono. Ilizunguka laini. Beringi zilikuwa nzima, hakuna kilichokwama. Nikaitenga mota na nyaya zake, nikapima koili zake tatu, zile nyaya zilizoviringwa ndani yake: zote zilitoa kipimo kimoja. Mota iliyoungua haitoi vipimo vinavyolingana hivyo, na hata harufu yake unaijua ukifungua kifuniko cha nyaya. Hii haikunuka.

Nikapima kama umeme unavuja kutoka kwenye koili kwenda kwenye bodi ya chuma. Hauvuji. Nikafuata waya wa ardhi, ule unaopaswa kuupeleka chini umeme ukivuja, mpaka kwenye fimbo yake nyuma ya ukuta. Ulikuwa mzima na umekazwa. Nilipima tena kitu kilekile, kwa sababu niliujua uzito wa jibu lake. Fundi alikuwa ananitazama.

"Kwa hiyo haikumpiga," nikasema.

"Bado hujajua kwa nini inavuma," akajibu.

Alisema kweli. Mota ya aina ile inataka nyaya tatu zenye umeme, fezi tatu, zinazopokezana kuisukuma. Ikikosa moja kabla ya kuanza, zile mbili zinaivuta huku na huku bila kuipa mwelekeo. Inavuma, inatetemeka, inapata moto, haiendi. Nilikuwa nimefundishwa hayo. Lakini kwenye swichi kubwa, fundi alipoiwasha nikapima, fezi zote tatu zilikuwepo, kati ya kila mbili volti mia nne na kidogo. Na tesita ya yule kijana ilikuwa imewaka kwenye nyaya zote tatu za mota.

Nilisimama pale nikifikiri. Yule kijana aligusa nyaya zikiwa zimeungwa kwenye mota. Waya usiopata umeme kutoka juu unaweza kuupata kutoka chini, ukipitia kwenye koili za wenzake, na tesita itawaka kama kawaida. Tesita haiwezi kukwambia umeme umetoka upande gani. Lazima upime kati ya waya na waya, mota ikiwa inavuma.

Nikamweleza fundi. Akazima tena, tukairudisha mota kwenye nyaya zake, mikanda tukaiacha nje. Akaniambia nivae glavu, nisimame kwenye ubao mkavu, yeye atabonyeza kitufe cha kuwashia, na nikishasoma atabonyeza cha kuzimia, asije akaichoma mota. Kabla ya kubonyeza alinituma ndani nikamwambie mama kwamba ndiyo sasa.

Mota ikavuma. Ni sauti nzito, ya chini, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Mdogo wa marehemu alitoka uani akaenda kusimama barabarani. Niliweka mita chini ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota. Kati ya fezi ya kwanza na ya pili, mia nne. Kati ya ya kwanza na ya tatu, mia mbili. Kati ya ya pili na ya tatu, mia mbili. Nikapandisha mita juu ya kontakta: mia nne kote. Fundi akabonyeza cha kuzimia, uani kukawa kimya.

Umeme wa fezi ya tatu uliingia kwenye kontakta, haukutoka.

Tulizima, tukafunga kufuli, nikapima tena kwamba hakuna umeme, ndipo nikafungua kifuniko cha kontakta. Midomo miwili ya shaba, pale umeme unapovukia, ilikuwa safi na inang'aa. Wa tatu ulikuwa mweusi, umelika, na springi yake imelegea kwa joto. Ulikuwa unagusana siku moja na siku nyingine haugusani. Hilo halikuanza asubuhi ile. Lilichukua wiki, pengine miezi.

Nilimtazama fundi, naye alikuwa ameshaona ninachokiona. Alisema taratibu kwamba watu wengi mota ikivuma huivuta mikanda kwa mikono. Ukiipa mwanzo inaweza kukubali, ikazunguka kwa fezi mbili, mpaka ipate moto na kilinzi chake kiizime. Na kuivuta ni kazi ya nguvu, tena ya hatari.

Sehemu ngumu ya siku ile haikuwa kwenye mita. Fundi aliniambia nikamweleze mama. Nilimwomba aje asimame mlangoni aseme yeye. Alikataa kwa upole, akasema niliyepima ni mimi.

Nikakaa kwenye mkeka mbele ya mjane. Nikamwambia mota haikuungua, na haivuji umeme, nimepima zaidi ya mara moja. Haikumpiga. Nikamweleza juu ya mdomo uliolika, na kwa nini mashine ilivuma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza alichokuwa akifanya mumewe pale, mkono juu ya mikanda.

"Nadhani alikuwa anaivuta ianze, mama."

"Kila siku?"

"Siku zile ilipokataa."

Alihesabu tasbihi kwa muda. Akasema jioni zingine mumewe alikuwa akilalamika bega na kifua, naye alikuwa akimkanda kwa mafuta. Alimwambia aite fundi, mume akajibu mashine ina kiburi tu, ukiibembeleza inaenda. Akaniuliza kama angeita fundi angekuwa hai.

Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kumwambia ni mipango ya Mungu, naye angeitikia.

"Sijui, mama. La moyo wake mimi siwezi kulipima. Ninachojua ni kwamba sauti uliyoisikia haikuwa umeme unamuua. Hata ungetoka jikoni, hakukuwa na umeme wa kumnasua."

Alijifunika uso kwa upindo wa nguo. Nilikaa naye. Mwishowe mwenyewe akaniambia niende nikamalize kazi.

Kontakta mpya ilitoka mjini Kayanga, tukaifunga siku iliyofuata na kuirudisha mikanda. Tulipima kila fezi ikaleta volti sawa na mwenzake. Mdogo wa marehemu safari hii hakwenda barabarani. Fundi alibonyeza kitufe na mota ikaondoka mara moja, bila ule mvumo, mikanda ikapiga mbio hata huoni maungio yake. Mdogo wa marehemu alikaa juu ya magunia akalia kwa sauti, mbele yetu, mikono imening'inia. Fundi aliiacha mota iendelee, akaenda kukaa pembeni yake. Dirisha la jiko lilifunguliwa.

Mjane alipomaliza eda aliiendesha mashine mwenyewe. Nilipita pale mara kwa mara kukaza nyaya, na mwanzoni watu walikuwa wachache, kisha wakazoea. Msimu mmoja wa mvua alinipigia simu asubuhi. Alisema imevuma alipobonyeza, akazima papo hapo, akafunga kufuli na kuwaambia wateja wakae. Wengine walikuwa wameshajitolea kuivuta. Nilikuta fyuzi moja ya nje imekatika, fezi moja imekosekana tena. Wateja walikuwa wamejipanga ukutani na mizigo yao, naye amesimama mbele ya mikanda, amekunja mikono, hakuna aliyeikaribia.