Chupa Mbili, Watoto Ishirini

Kazi yangu ni kukagua ripoti za chanjo kutoka zahanati za upande wa Nuu, na watu husema mimi ni mgumu. Hawakosei. Namba ni tatu tu: dozi zilizotolewa, watoto waliolengwa, na asilimia. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa mia, umepata ya tatu. Muuguzi aliyeshindwa na hapo nilimrudishia karatasi mbele ya wenzake.

Zahanati moja haikuwahi kunisumbua. Muuguzi wake alikuwa mmoja, mama wa makamo, na kila mwezi chanjo ya surua iliandikwa vilevile: dozi ishirini, walengwa ishirini, asilimia mia. Nilifungua daftari la stoo kuona ametumia dozi ngapi. Ishirini. Kwenye mkutano wetu nikaamuru apigiwe makofi ya kilo. Na kwa kuwa gari la kufuata watoto vijijini lilikuwa moja tu, nikaiondoa zahanati yake kwenye orodha. Huko hakuna mtoto aliyebaki, nilisema, na nikasikia raha kusema hivyo.

Kisha surua ikaingia. Nilienda wodini na fomu ya kuandikisha wagonjwa, nikamkuta mama kutoka kijiji cha zahanati ileile. Alikuwa amempakata binti wa miezi kumi na moja, macho mekundu, mbavu zikichomoza kila alipovuta pumzi. Niliposikia anakotoka, nikapandwa na hasira.

"Mama, huko kwenu watoto wote wamechanjwa, mia kwa mia. Wewe ulikuwa wapi?"

Alitoa kijitabu cha kliniki kwenye mfuko wa nailoni, akakifungua penye chanjo ya miezi tisa. Mahali pa tarehe palikuwa wazi. Pembeni mtu ameandika kwa penseli: rudi Jumatano. Chini yake tena: rudi Jumatano.

"Nilienda, daktari. Tulikuwa watatu, sista akasema chupa haiwezi funguliwa ya watu watatu. Nikarudi, tukapatikana wanne. Ya tatu nikapata mtoto ameshikwa na homa, sikutoka."

Chupa ya chanjo ya surua ina dozi kumi. Ikishachanganywa na maji yake, baada ya saa sita inatupwa, hata kama zimebaki saba. Maagizo yanataka ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini muuguzi aliye mbali na stoo huogopa kuishiwa, basi huwakusanya. Haya yote niliyajua kabla ya yule mama kuzaa. Sikujiuliza hata siku moja zahanati ndogo vile inamalizaje kila chupa bila kutupa hata dozi moja.

Asubuhi iliyofuata nikaenda. Muuguzi alinipokea kwa furaha, akaniletea karatasi anazowekea alama kila mtoto anapodungwa. Tukahesabu miezi mitatu. Kumi na mmoja. Tisa. Kumi na watatu.

"Sasa hii ishirini umeitoa wapi?"

"Si ni chupa mbili, bosi? Kumi na kumi. Ikishafunguliwa imetumika. Mwenye nilimpata hapa alikuwa anajaza hivyo."

Alikuwa akijaza chupa mahali pa watoto. Na daftari la stoo, ambalo nililifanya shahidi wangu, lilikuwa limebeba namba ileile ya chupa. Nilikuwa nimetoka nyumbani na maneno makali ya kumwambia. Hayakutoka. Yeye alikosea kujaza. Mimi ndiye niliyewekwa pale kuona, na nilikuwa nimempigia makofi.

Nilipofika wodini mchana, kitanda cha yule binti kilikuwa kimetandikwa upya. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo, mtu mzima na kitambulisho shingoni.

Nilisahihisha ripoti. Miezi mitatu: dozi thelathini na tatu, walengwa sitini, asilimia hamsini na tano. Namba zikakubaliana. Wiki hiyo gari likaenda, nami ndani yake, na tulipomaliza kuchanja nikaomba nionyeshwe nyumbani kwa yule mama. Akanipa kiti, akanipa maji. Nikamwambia yote, hata lile gari nililolizuia.

"Nisamehe, mwaitu, mama yangu. Kosa ni letu, wewe huna kosa. Karatasi nimeshairekebisha."

Akauliza, "Kwenye hiyo karatasi, wangu amehesabiwa?"

"Amehesabiwa. Yuko kwa wale sitini."

"Na wenye walidungwa?"

"Ni thelathini na tatu. Hapo hayuko."

Akaitikia kwa kichwa. Aliingia nyumbani, akarudi na ule mfuko wa nailoni, akaniuliza kama kijitabu nitakihitaji kazini, ama anaweza kubaki nacho.