Mwalimu Taratibu Akabidhi Darasa

Mwalimu wa darasa la pili tulimwita Taratibu, na tulimwita hivyo kwa kumcheka. Sisi walimu wenzake tumeshamaliza mada, yeye bado yuko ukurasa wa juzi. Ukimuuliza, anakujibu haraka haraka haina baraka, kisha anaendelea na chai yake iliyopoa. Alinikera sana, mpaka siku niliposikia, kupitia ukuta mwembamba unaotenga madarasa yetu, binti wa fundi cherehani akisoma kwa sauti.

Mtoto yule ana kigugumizi. Darasa la kwanza aliharakishwa, akasemewa, akachekwa, mwishowe akafunga mdomo kabisa. Taratibu hakuwa na dawa. Alilifundisha darasa zima kungoja: mwenzenu akikwama, inamisheni macho kwenye daftari, asikodolewe, wala mtu asimmalizie neno. Kazi hiyo ilimchukua miezi. Muhula wa mwisho ulipofika, mtoto alikuwa anasoma aya nzima.

Siku ya kufunga shule, vitabu vikisharudishwa na picha zikishabanduliwa ukutani, mwalimu anayeliacha darasa humkaribisha anayelichukua mbele ya watoto. Aliyelichukua alikuwa Kengele, mwalimu wa darasa la tatu. Si mtu mbaya, nisimsingizie, ila hajui kungoja hata maji yachemke. Asubuhi Taratibu alimweleza habari za yule mtoto, naye akaitikia kwa kichwa huku akitafuta chaki. Nilipouona mwitikio ule, sikuuamini, nikawafuata mpaka mlangoni pa darasa.

Kengele alitaka kila mtoto asimame ataje jina lake. Zamu ikamfikia binti wa fundi. Akasimama, midomo ikaanza kutetemeka. Papo hapo darasa zima likainamisha macho.

Kengele alidhani anadharauliwa. "Inueni vichwa. Mnatafuta nini huko chini?"

Vichwa vikainuka, macho yote yakamwelemea mtoto mmoja.

"Mngojee kidogo, Mwalimu," Taratibu alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Nikimngoja kila mmoja hivi, mwakani tutamaliza lini?" Kengele akamgeukia msichana wa pembeni. "Wewe, msemee mwenzako."

Msichana yule ni shoga yake binti wa fundi, na ndiye aliyemngojea kuliko wote. Alimtazama Taratibu, akamtazama Kengele. Mtoto atamkatalia vipi mkubwa? Akalitaja jina, zamu ikasonga mbele. Nilichemka kwa hasira, lakini mwalimu hamkosoi mwenzake mbele ya watoto, kwa hiyo nikabaki pale mlangoni.

Baadaye Taratibu alisimama mlangoni kuwaaga kwa mkono, mmoja mmoja, kila mtoto na neno lake. Wengine walilia, mmoja akamwahidi kumletea kuku. Binti wa fundi alikuja nyuma ya wote. Taratibu akamshika mkono, akainamisha macho, akangoja.

Mtoto hakujaribu hata kufungua mdomo. Alimvuta shoga yake kwa sweta, akamsogeza mbele.

"Anasema kwaheri, Mwalimu," shoga yake akasema.