Swali la Nne Kuhusu Akiba ya Lazima

Mkuu wa idara alituita ofisini asubuhi ya upepo, mimi na Mwalimu, akatupa kazi moja. Mabenki binafsi yalikuwa yameanza kuruhusiwa nchini, benki za serikali zilikuwa zinapangwa upya, na maofisa wa matawi ya Kanda ya Kati walikuwa wanaletwa chuoni kwetu Dodoma kwa kozi fupi. Alitaka seti ya maswali kumi ya kuchagua jibu, kila moja na maelezo yake: akiba ya lazima, riba ya Benki Kuu, na mikopo baina ya mabenki.

"Mtafanya pamoja," alisema. "Binti ametoka chuo kikuu juzi, vitabu anavyo. Mwalimu anawajua wanafunzi."

Kila mtu pale alimwita Mwalimu, hata wapishi. Alikuwa amefundisha fedha na mipango tangu enzi ambazo mikopo iligawiwa kwa mpango wa taifa: zao hili kiasi hiki, shirika lile kiasi kile. Mimi nilikuwa mkufunzi msaidizi, mwenye haraka na sketi mbili za kazini. Nilidhani nimepewa mzee wa kumbeba.

Nilimpelekea maswali yangu nyumbani kwake Area D. Mkewe alikuwa anapepeta karanga uani, akanielekeza sebuleni. Nikaamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia marahaba, akavaa miwani, akasoma kurasa zote kimya. Kisha akauliza, "Hawa wanaojibu watakuwa wanajibu habari za nchi gani?"

Nilikuwa nimeyatoa vitabuni karibu yalivyo, kwa Kiingereza, na benki za miji ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Nikajitetea kwamba kanuni ni zile zile.

"Kanuni ni zile zile, ndiyo," alisema. "Lakini swali la tano umeuliza maana ya kile mnachokiita diskaunti reti. Unajua watakachofikiria? Punguzo. Kama dukani, mteja mzuri anapunguziwa bei."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaandika punguzo la riba kwa wateja wazuri kama chaguo A, ili atakayefikiria hivyo ajione. Jibu sahihi likawa C: riba ambayo Benki Kuu inayatoza mabenki yanapokopa kwake. Kwenye maelezo akaongeza lilikotoka neno lenyewe. Zamani benki ilipeleka Benki Kuu hati ya deni ambayo muda wake haujafika, ikalipwa pungufu kidogo ya kilichoandikwa juu yake, na kile kilichopungua ndicho kilichokuwa riba. Sikuwa nimefikiria kuandika hivyo. Nilikubali kimoyomoyo, kwa shingo upande.

Tulikaa siku kadhaa hivyo. Swali la kwanza halikutusumbua: akiba ya lazima ni sehemu ya amana za wateja ambayo kila benki inatakiwa iiweke Benki Kuu, isiikopeshe. Swali la tatu lilikuwa la hesabu. Akiba ya lazima ikiwa sehemu moja ya kumi, mteja akaweka shilingi mia, benki inaweza kukopesha tisini. Zile tisini zikiwekwa benki nyingine, hiyo nayo inabakiza tisa na kukopesha themanini na moja, na mwendo ni huo huo, kila safari zikipungua, mpaka amana zote zikijumlishwa zisizidi elfu moja. Mwalimu alilipenda. Alisema mtu akilielewa hilo ameelewa kwa nini Benki Kuu ikigusa kile kiwango nchi nzima inasikia.

Tulipofika la nne tukagombana.

Nilikuwa nimeandika: Benki Kuu ikipunguza kiwango cha akiba ya lazima, nini kitatokea? A, mabenki yatakopesha kidogo zaidi. B, mabenki yatakopesha zaidi. C, riba ya Benki Kuu itapanda yenyewe. D, hakuna kitakachobadilika katika ukopeshaji. Jibu langu lilikuwa B.

"Ongeza maneno," Mwalimu alisema. "Benki inaweza ikaachiwa fedha na bado isikopeshe. Inaziacha pale pale, au inanunua dhamana za serikali za muda mfupi, inalala usingizi."

"Mwalimu, hili ni swali la msingi. Tukianza kuweka masharti kila mahali watachanganyikiwa."

Akanitazama juu ya miwani. "Haya. Liache. Wao watatuambia."

Nililiacha, na nikajiona nimeshinda.

Darasa lilijaa Jumatatu. Maofisa wa mikopo, wahasibu, mameneja wa matawi madogo, watu wazima waliokuja na masweta kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Wengine Mwalimu alikuwa amewafundisha wakiwa vijana. Tuliwapa karatasi, wakajibu, tukaanza kupitia pamoja, mimi nikiwa ubaoni na yeye amekaa pembeni.

La tano lilikwenda Mwalimu alivyosema. Mikono mingi ilinyooka kwa A, kisha darasa likacheka lenyewe aliposoma maelezo. Swali la nane lilileta mjadala mzuri. Liliuliza: Benki moja ikikopa kwa benki nyingine kwa usiku mmoja, jumla ya akiba za mabenki yote inafanyaje? Mhasibu mmoja kutoka Manyoni alisema inaongezeka, maana aliyepungukiwa amepata. Nikamwuliza, "Na aliyetoa?" Akafikiri. "Amepungukiwa yeye." Akacheka, akakifuta alichoandika. Fedha zimehama tu, hazikuzaliwa. Benki ikikopa Benki Kuu ndipo akiba mpya inaingia. Mwingine akauliza tawi lake la Mpwapwa litaikopa benki gani, nikamweleza kwamba hayo hufanywa makao makuu. Tawi likiishiwa noti linaomba huko huko kwao.

"Siku zote benki ilikuwa moja," mtu wa nyuma alisema. "Ingemkopa nani? Kivuli chake?"

Tulicheka wote. Tukarudi la nne, ambalo nilikuwa nimelisogeza mbele makusudi.

Karibu wote walichagua B. Mama mmoja alichagua D. Alikuwa afisa mikopo wa tawi upande wa Kondoa, mzaliwa wa Busi, amevaa kitenge na kanda nyeusi ya saa iliyolegea mkononi. Nikamwuliza kwa nini.

"Kwa sababu, Madam, fedha tunazo. Sina wa kumpa. Vyama vya ushirika vimekopa, havijalipa. Mashirika yamekopa, mengine hayapo tena. Makao makuu wameniambia nisiandike mkopo mpya mpaka wa zamani ulipwe. Benki Kuu ipunguze, isipunguze, mezani kwangu hakuna kitakachobadilika."

"Jibu sahihi ni B," nilisema.

Darasa likavurugika. Nusu walikuwa upande wake, nusu upande wangu, na waliokuwa upande wangu walikuwa wamechagua tu kwa kuwa kitabu kinasema. Nikamgeukia Mwalimu.

Alisimama taratibu. Nilidhani atasema alinionya. Hakusema. Alimwambia yule mama, "Mwanangu, D nayo si jibu. Umejibu kuhusu tawi lako. Swali linahusu mabenki yote, na kesho itakuja benki ambayo haina madeni yako, hiyo itakopesha." Kisha akageukia ubao. "Na B nayo inadai mno. Kupunguza akiba ya lazima kunaongeza uwezo wa kukopesha. Uwezo ni kitu kimoja, kukopesha ni kingine. Kati ya hivyo viwili kuna mkopaji, na kuna hofu ya benki." Akafuta sentensi yangu kwa kiganja, akaandika: uwezo wa mabenki kukopesha utaongezeka, hata kama si yote yatakayoutumia.

Nilitarajia tuendelee na la tisa. Yule mama alikuwa bado amesimama.

"Mwalimu," alisema, sauti yake ikiwa ya chini, "mikopo ile ya ushirika niliiandika mimi. Ulitufundisha humu humu kwamba kuunyima ushirika mikopo ni kulihujumu taifa. Sasa wanasema tawi langu ni bovu, na watakaopunguzwa kazini ni wenye mikopo mibovu. Hili mtaliandikia maelezo gani?"

Hata mhasibu wa Manyoni aliacha kuchezea kalamu.

Nilimwona Mwalimu anaikunja karatasi ya maswali mara mbili. "Ndiyo," alisema mwishowe. "Nilifundisha hivyo, na niliamini. Wakulima walipata mbolea na matrekta kwa fedha zile, hilo sitalikana. Lakini sikuwafundisha kuuliza mkopaji atalipa kwa kitu gani na lini. Mpango ulikuwa unauliza kwa niaba yenu, nikadhani inatosha." Akaiweka karatasi mezani. "Sina maelezo ya kuandika. Naweza kukaa na wewe jioni, tuipitie mikopo hiyo mmoja mmoja, uwe na la kusema watakapokuita."

Na alikaa naye. Kila jioni ya kozi ile niliwaona kwenye darasa tupu. Siku ya tatu Mwalimu aliniita, nikaingia nikiwa sijui la kufanya, akanivutia kiti. Yule mama alikuwa anakumbuka kila chama, mwenyekiti gani, pamba au alizeti, mwaka wa ukame. Tukatenga mikopo iliyoamriwa kutoka juu na ile aliyoipitisha kwa hiari. Nilijifunza pale kwamba maneno kama mkopo usiolipika, niliyoyaandika kwa urahisi, yalikuwa na mwenyekiti aliyefariki na ghala lililobomoka.

Seti tuliichapa upya kwa stensili, swali la nne likiwa na maneno yake mapya. Nilitaka kumwambia Mwalimu samahani, nikashindwa namna ya kuanza. Nikamletea nakala ya kwanza, akaipokea, akasema wino umekolea.

Yule mama walimpunguza. Maelezo yake waliyasikiliza, wakamshukuru, wakampunguza hata hivyo, kwa kuwa tawi lenyewe lilifungwa. Nilipata habari hizo kwa mhasibu wa Manyoni tulipokutana kituo cha mabasi, na niliamini nikimpelekea Mwalimu zitamvunja moyo. Nilimkuta Chang'ombe, mtaa wa pale pale Dodoma, akimsubiri fundi wa baiskeli. Nikamweleza pale pale, tukiwa tumesimama.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema yule mama ameshampigia simu ofisini kwa mkuu wa idara; amerudi Busi, na wanawake wenzake wameanza kuweka akiba pamoja na kukopeshana. Alikuwa ametaka ushauri.

"Ushauri gani?"

"Kiasi cha kubakiza wasikikopeshe." Akamlipa fundi, akashika usukani wa baiskeli. "Nikamwambia huko hakuna Benki Kuu ya kuwapangia, wala ya kuwakopesha wakikwama. Kwa hiyo wabakize zaidi kuliko benki. Akaniuliza zaidi kiasi gani."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sijui," Mwalimu alisema. "Yeye ndiye anayewajua wakopaji. Akakata simu, nadhani alicheka."

Tukatembea pamoja mpaka njia panda, yeye akiisukuma baiskeli, tukijadili mtihani wa muhula.