Mama Chini ya Turubai la Bluu

"Nyanjige, mama yangu umemgeuza mkaa!" Veronica alibwaga bahasha ya picha za harusi yake juu ya meza ya studio, pale Bariadi. "Na sasa ameshakufa. Picha yake nyingine sina."

Nyanjige, mpiga picha wa harusi ile, alijua kosa lilipo. Alikuwa amerekebisha picha moja ya juani, akaipunguzia mwanga, kisha akanakili marekebisho yale kwa picha zote mia mbili. Za juani zilitoka safi, maana jua lilikuwa lile lile. Lakini mama alikaa kivulini, chini ya turubai la bluu.

"Uvivu wangu, mdogo wangu. Hebu kaa."

Kwenye kompyuta akairudisha picha ile ilivyopigwa, akaiongezea mwanga kidogo kidogo, akapunguza ubluu mpaka ngozi ikawa ngozi. Mama akatokea anacheka, pengo lake wazi.

"Mayu! Mama yangu!" Veronica akagusa kioo.

Nyanjige akaichapa kubwa. Veronica alipofungua pochi, akamzuia.

"Siku ya harusi mama yako alinilisha michembe, viazi vitamu alivyovikausha mwenyewe, nikamwahidi nitamlipa picha. Akanicheka, eti wapiga picha waongo. Chukua, nalipa deni lake."