Mwenye Nyumba Asiyejua Kudai

Mwenye nyumba anatakiwa awe na sauti nzito na uso mkavu. Mimi nina vyumba viwili vya kupangisha, kitambi, na haya ya bibi harusi.

Mpangaji wangu, fundi cherehani, alikuwa hajalipa kodi ya miezi miwili. Nami nilikuwa nalipa mkopo wa benki nilioezekea paa la vyumba hivyo hivyo. Rejesho moja lilishanipita, la pili lilikuwa tarehe 16, na kwenye barua yao ya mwisho benki walikuwa wametaja mnada. Benki hawana haya hata kidogo.

Nilikuwa nimeshamwandikia fundi barua pepe tatu, zote tamu mno. Safari hii nikapandwa na hasira, nikaandika: "Nitabadilisha kufuli na vyombo vyako nitavitupa nje!" Halafu nikaogopa kuonekana katili, nikamalizia: "Nisalimie mama."

Binti yangu ni karani kwa wakili. Aliisoma akicheka mpaka akashika mbavu.

"Baba, kumfungia mtu nje hivi hivi utashtakiwa wewe. Kwanza anadaiwa kiasi gani?"

"Laki tatu. Miezi miwili."

"Na lile bomba alilotengeneza kwa hela yake? Si ulimwambia akate kwenye kodi?"

Nikabisha, nikafungua daftari kumwonyesha. Mwandiko ulikuwa wangu mwenyewe: bomba, elfu arobaini na tano, nimkatie. Niliona aibu kweli. Mtu mzima mzima nilikuwa karibu kumtupa mtu nje kwa deni ambalo hata kulijumlisha sijui.

Binti akafuta kila kitu, hadi salamu za mama. Tukaandika upya:

"Unadaiwa kodi ya miezi miwili, laki tatu. Ukitoa elfu 45 za bomba tulizokubaliana, zinabaki laki mbili na elfu 55. Tafadhali ziweke kwenye akaunti yangu ya benki kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa tarehe 14. Kama huwezi kulipa zote, nijibu kabla ya tarehe 10, useme utalipa kiasi gani na siku gani. Nisiposikia kwako, nitakupa notisi rasmi kama mkataba unavyosema."

"Mbona kavu hivi?" nikalalamika.

"Bonyeza, baba."

Nikabonyeza huku nimefumba macho.

Alhamisi tarehe 13 pesa ziliingia, zote. Jioni likaja jibu la fundi:

"Mzee, asante kwa kunitajia siku. Mwezi uliopita pesa nilikuwa nazo. Mwenye duka la vitambaa alinipa tarehe, nikampa yeye. Wewe uliandika 'ukijaliwa, wala usijisumbue', nikajua huna shida nazo."

Nilisoma mara mbili. Miezi miwili nilikuwa namlaani fundi wa watu, kumbe aliyenizuilia kodi yangu ni mimi.