Karatasi ya Safari Moja

Nyumbani kwangu Kampemba, hapa Lubumbashi, karatasi yenye maana haikai uchi. Vyeti vya ubatizo, diploma za watoto, kadi ya kazi ya marehemu mume wangu aliyefanya kazi reli, vyote vimetiwa plastiki. Mvua zetu hazina huruma, na mende nao wanajua kusoma. Watoto wangu hunicheka kwamba siku nikifa nitaomba nitiwe plastiki kwanza. Nami huwajibu kwamba wao ndio watakaokuja kunibembeleza siku watakapotafuta vyeti vyao.

Mke wa mwanangu wa pili ni Mtanzania, mtu wa Mbeya. Tulikaa naye nyumba moja, kwa sababu mwanangu anafanya kazi mgodini Kambove na hurudi wikendi tu. Alhamisi moja dada yake alipiga simu: baba yao yuko hospitali, amezidiwa, na kila akiamka anauliza kama binti yake amefika. Ijumaa binti huyo alikwenda sokoni kununua kanga ya kumpelekea mama yake. Akarudi na mkanda wa mkoba begani, bila mkoba. Pasipoti ilikuwa humo, na simu, na viza yake ya kukaa Kongo.

Hakulia. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa na kusema, "Mama, sasa nitapitaje mpakani?" Nilikasirika, na nikamkaripia kwa kubeba pasipoti sokoni kana kwamba nyanya zinauzwa kwa viza. Mimi hasira yangu huanza mdomoni, halafu akili hufuata nyuma.

Siku hiyo hiyo tulikwenda polisi, wakatuandikia attestation, karatasi ya kuthibitisha kupotelewa na vitu. Jumatatu asubuhi tulikuwa mlangoni kwa konsula wa nchi yao hapa hapa mjini, kuomba hati ya kusafiria. Afisa wa pale, baba mpole mwenye miwani, alitaka fomu iliyojazwa, barua fupi ya kueleza pasipoti ilivyopotea, picha mbili, karatasi ya polisi, na kitu cha kuthibitisha kwamba huyu ni Mtanzania kweli. Mungu ni mkubwa: mwanangu alikuwa na picha ya pasipoti na ya ile viza katika simu yake, na dada wa Mbeya alituma cheti cha kuzaliwa. Afisa akavipeleka kwao uhamiaji ili wamthibitishe. Tulingoja kwenye benchi mpaka saa kumi jioni, mkwe wangu akiangalia mlango kila unapofunguliwa.

Hati yenyewe ilikuwa karatasi moja tu, yenye picha yake na muhuri.

"Sikiliza vizuri," afisa alimwambia. "Hii ni ya dharura. Ni ya safari moja, kwenda nyumbani, kupitia Zambia kama nilivyoandika hapa. Usijaribu kuingia nayo nchi nyingine. Haitakurudisha huku pia. Ukiingia Tanzania kazi yake imekwisha, utaomba pasipoti mpya kule kule. Mpakani uonyeshe pia karatasi ya polisi na nakala ya viza yako, wajue ulikuwa unakaa kihalali."

Alisema mengi, na yote nilisikia. Jambo moja tu hakulisema, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angefikiri kulisema.

Jioni ile mawingu yalikuwa mazito. Mkwe wangu alikuwa chumbani akipanga nguo. Niliitazama ile karatasi juu ya meza, laini, tayari imeanza kukunjika pembeni, nikafikiria jasho la mkoba na mvua ya njiani. Nikaichukua. Kando ya soko yupo fundi mwenye mashine ya moto ya kutia plastiki, na kazi yake huchukua dakika tatu. Niliporudi nayo inang'aa, mkwe wangu alinikumbatia na kusema, "Asante, mama." Nakumbuka nilivyojisikia. Nilijiona mama mkwe bora kuliko wote wa Katanga.

Jumanne saa mbili asubuhi tulikuwa Kasumbalesa. Basi la kwenda Nakonde, kwenye mpaka wa Zambia na Tanzania, lilikuwa linangoja upande wa Zambia, tulikuwa tunaliona. Agent wa migration, afisa uhamiaji wa upande wetu, aliipokea hati, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha.

"Mama, sasa kashe nitapiga wapi? Juu ya plastiki?"

"Piga tu muhuri, papa," nilisema. "Wino itakauka."

"Haitakauka. Na hata ikikauka, bale ba Zambia batasema muliweka picha ingine mu ndani, njo mukafunga. Hii haiko carte ya kupigia kura, mama. Murudie kwa bale balimupatia."

Nilijaribu kuifungua kwa kucha. Pembe ya karatasi ikaanza kuja pamoja na plastiki, na agent akanishika mkono. "Acha! Ukipasula, utamuongezea matatizo." Hakuwa mtu mbaya. Basi likaondoka. Mkwe wangu alilifuata kwa macho mpaka malori yakalificha, na hakunitazama.

Saa nane tulikuwa tena kwa konsula. Afisa aliivua miwani. "Nani ameifanya hivi?"

"Ni mimi," alisema mkwe wangu.

Niliangalia viatu vyangu. Nasema ukweli, maana umri wangu hauniruhusu tena kudanganya: nilinyamaza. Niliona aibu mbele ya yule baba, mimi niliyekuwa mwalimu kwa miaka mingi. Afisa akamsogezea karatasi nyeupe aandike maelezo kwamba ameiharibu hati ya serikali. Akasema maelezo hayo yatakwenda nyumbani pamoja na ombi jipya, na atakapoomba pasipoti wanaweza kumuuliza. Mkwe wangu akashika kalamu.

"Hapana," nilisema. "Njo mimi. Yeye alikuwa anapanga manguo, mi nikabeba karatasi kwa fundi. Andika jina yangu, papa."

Niliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, na nikatia sahihi. Afisa akaisoma, akaifuta ile hati ya kwanza kwa mistari miwili ya kalamu ya wino mzito. Akasema lazima aombe uthibitisho upya kabla ya kutoa nyingine. Tuje kesho.

Kesho ilikuwa Jumatano. Hati ilitoka saa kumi jioni. Safari hii mkwe wangu aliilaza ndani ya Biblia yangu, na mimi sikuigusa. Alhamisi asubuhi agent yule yule aligonga muhuri, ukakaa, na mtoto wa watu akavuka.

Ijumaa jioni alinipigia kwa simu ya dada yake. Alikuwa amefika salama, alisema, na mpakani Tunduma waliichukua hati bila maneno. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Na papa yako?" niliuliza.

"Alifariki Jumatano usiku, mama. Tunamzika kesho."

Abiria wa basi la Jumanne walikuwa wa kufika Mbeya Jumatano alasiri. Nilikuwa najua, nilikuwa nimeuliza saa zake mwenyewe pale Kasumbalesa. Yeye pia alikuwa anajua. Angekuwa na jioni nzima ya kukaa kando ya kitanda cha baba yake. Majuto ni mjukuu, tunasema, lakini wangu hakuchelewa: alikuwa amekwisha kuketi nami jikoni.

"Unisamehe, mwanangu," nilisema. "Jioni ile ya kukaa na baba yako nilikunyang'anya mimi."

Nyuma yake nilisikia wanawake wakilia, na mtu akimwita kwa jina la utotoni.

"Mama," alisema mwishowe, "umeshakula leo?"