Insha ya Kitambulisho

Binti wa dada yangu alikuja kwangu Garsen na insha yake ya chuo. Mhadhiri alikuwa ameirudisha, na kama asingeirekebisha angerudia somo zima. Aliandika kwamba usajili wa vitambulisho ni mnara ambao serikali inatuchungulia kutoka juu. Mhadhiri aliuliza pembeni mwa ukurasa: watu wanafunzwaje kujitawala wenyewe, hata bila wa kuwachungulia?

"Mnara gani?" nilimwambia kwa hasira. "Mimi nilipohangaikia kitambulisho nilimtafuta wa kunitazama, nikamkosa."

Nilimsimulia jinsi, kabla wazee hawajanipiga msasa, yaani kunihoji kama kweli ni raia, nilivyokaa mjini Madogo wiki nzima nikikariri majina ya babu zangu kama mgeni, ingawa nayajua tangu utotoni. Hakuna aliyeniagiza. Katika kuhamahama kwangu kote nilibeba cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha baba ndani ya mfuko wa nailoni.

"Kwa hiyo mjomba, mlinzi wa huo mnara ulikuwa wewe mwenyewe!"

"Cheka tu. Wewe nilikukaririsha majina hayo ukiwa darasa la tano."

Aliacha kucheka, akaifuta aya ya mnara na kuanza upya.

Insha ilipita. Kitambulisho ninacho miaka mingi sasa, na ile nailoni bado siwezi kuitupa.